Neno Lifuate Mdomo, Mtikisiko Ufuate Ngoma: Nilivyopanga Kipande Changu cha Sekunde 15

Wimbo wangu mpya, "Umekuja na Mvua", unakwenda mapigo 100 kwa dakika. Namba hiyo nilimwomba prodyuza anitajie kutoka kwenye projekti yake mwenyewe, kwa sababu app za simu zinazokisia tempo mara nyingine hukupa nusu yake au maradufu. Nilipoipata nilichukua daftari na kalamu, nikapanga kipande kizima cha kuposti kabla ya kugusa simu. Nawasimulia wenzangu tunaoimba na kujitengenezea video wenyewe jinsi nilivyokipanga, kwa sababu naona vipande vingi vizuri vinaharibiwa na maneno yanayotokea kwenye kioo wakati mwimbaji ameshayatamka na kuendelea mbele.

Hesabu yenyewe ni nyepesi. Sekunde 60 ukizigawa kwa mapigo 100, kila pigo linachukua sekunde 0.6. Video yangu ni ya fremu 30 kwa sekunde, basi pigo moja ni fremu 18 kamili. Mapigo manne, yaani baa moja, ni fremu 72 au sekunde 2.4. Kiitikio changu kina baa nane, ambazo ni sekunde 19.2, kwa hiyo hakiingii chote.

Zipo app zinazoruhusu video ndefu zaidi siku hizi, ingawa TikTok ilianza na ukomo wa sekunde 15, na Reels za Instagram zilipozinduliwa mwaka 2020 zilikuwa na ukomo huohuo. Mimi nimebaki hapo kwa hiari. Kipande kifupi kinaisha na kujirudia chenyewe kabla mtu hajatelezesha kidole, na kusikia mara ya pili ndiko kunakomfanya aanze kuimba.

Basi nilichukua baa sita, mistari mitatu ya kiitikio yenye baa mbili kila mmoja:

Nilikusubiri kituo cha mwisho
Daladala zote zimepita
Umekuja na mvua, umekuja usiku

Mstari wa nne, ambao ndio jibu la mwanamke huyu aliyesimama kituoni, niliuacha nje kwa makusudi. Nitaurudia nikifika kwenye kapsheni.

Baa sita ni sekunde 14.4. Zinabaki 0.6 kufika 15, yaani pigo moja kamili, na hapo ndipo kishawishi kilipo. Mstari wangu wa kwanza hauanzi kwenye pigo la kwanza la baa. Sauti inaingia pigo moja kabla: "ni-li-ku-su" zote nne zinatamkwa haraka ndani ya pigo hilo la utangulizi, halafu "bi" inaangukia pamoja na ngoma kubwa. Kwa hiyo mtu anaweza kusema, nichukue pigo la utangulizi, niongeze baa sita nzima, nipate mapigo 25, sekunde 15 juu ya alama. Kwenye karatasi inapendeza. Lakini kipande kikijirudia, masikio yanasikia mapigo manne ya baa ya sita, kisha la utangulizi, yaani mapigo matano mahali pa manne. Mtu aliyekuwa anatikisa kichwa anajikuta ametoka kwenye mdundo, hata kama hajui ni kwa nini.

Nilichofanya ni kuanza na pigo la utangulizi na kumalizia kwenye pigo la tatu la baa ya sita. Jumla ni mapigo 24, fremu 432, sekunde 14.4. Kipande kikirudi mwanzo, pigo la utangulizi linakaa kama pigo la nne la baa ya sita, na duara linafunga bila kishindo. Iliwezekana kwa sababu "usiku" inakwisha kuimbwa ndani ya pigo hilo la tatu. Sababu nyingine ni kwamba gitaa la wimbo huu lina kodi mbili tu, moja kila baa, kwa hiyo kila baa mbili tunarudi nyumbani. Wimbo wenye kodi nne, moja kila baa, ukiukata kwenye baa ya sita unarudi mwanzo ukiwa katikati ya safari, na unasikika umekatwa. Wimbo wa namna hiyo afadhali uchukue baa nne tu na ukubali video ya sekunde tisa na kitu.

Prodyuza alikata sehemu hiyo kwenye projekti yenyewe, akanitolea WAV, na ule mwangwi unaobaki nyuma ya "usiku" akaulaza juu ya mwanzo wa kipande ili usikatike ghafla. Alinitumia kwa WhatsApp kama dokumenti. MP3 tungeepuka hata kama ingekuwa nyepesi kutuma, maana faili zake huwa na kimya kidogo sana mwanzoni, na kimya hicho kinasogeza kila kitu nyuma.

Sasa maneno. Kijana anayenisaidia kuhariri alikuwa ameshatengeneza toleo lake nilipofika kwake Ngamiani, hapa Tanga. Alitumia kile kitufe cha app kinachoweka vidoti vya manjano kwenye kila pigo, akapachika kila neno kwenye kidoti chake. Tulitazama pamoja.

"Dada, mbona ipo kwenye biti kabisa lakini naiona kama imechelewa?" akaniuliza.

Nikamwambia aimbe mstari wa kwanza polepole huku akigonga meza, na aniambie mkono unagonga kwenye silabi ipi.

"Bi."

"Na neno umeliweka wapi?"

Akanyamaza, akarudisha video mwanzo. Neno "Nilikusubiri" alikuwa ameliweka kwenye kidoti cha kwanza cha baa, mahali ambapo "bi" inaangukia. Kufika hapo nilikuwa nimeshatamka silabi nne. Mtazamaji alikuwa anaona neno fremu 18 baada ya kuanza kulisikia, zaidi ya nusu sekunde.

Kiswahili chetu kina mkazo kwenye silabi ya pili kutoka mwisho, na watunzi tunapenda kuuangusha mkazo huo kwenye pigo zito. Halafu maneno yetu yanabeba mzigo mbele: nafsi, wakati, mtendwa, kisha ndipo mzizi. Neno likiwa refu, silabi nyingi zinatangulia pigo. Ukiimba "njoo" au "moyo" hutaona tatizo, maana mkazo uko mwanzoni mwa neno na neno linaanza pamoja na ngoma. Ukiimba "nilikusubiri", "zimepita" au "hatutaonana", vile vidoti vya mapigo vitakudanganya kila mara. Hiyo ndiyo sababu mtu anaweza kuweka kila kitu kwenye biti na bado maandishi yakaonekana yanakimbizana na sauti.

Kwa hiyo niligawa kazi mbili. Neno linatokea kufuata mdomo, fremu mbili kabla ya silabi yake ya kwanza, kwa sababu jicho linahitaji nafasi ndogo ya kulipokea neno; neno la kwanza kabisa tu ndilo linaanza pamoja na video yenyewe. Kutikisika kwa neno, yaani kulikuza kidogo kisha likarudi, asilimia nane hivi, kunafuata ngoma, na kunatokea kwenye silabi yenye mkazo. Mtazamaji anasoma "Nilikusubiri" mapema, kisha analiona likiruka pamoja na "bi". Hapo ndipo anapohisi maandishi na wimbo ni kitu kimoja.

Skripti niliyomwandikia ilikuwa hivi. Namba ya kwanza ni fremu ambayo neno linatokea, ya pili ni fremu ambayo linatikisika:

Nilikusubiri: 0, mtikisiko 18
kituo: 43, mtikisiko 54
cha mwisho: 79, mtikisiko 90
(mstari unafutika)
Daladala: 142, mtikisiko 162
zote: 196, mtikisiko 198
zimepita: 214, mtikisiko 234
(mstari unafutika)
Umekuja: 286, mtikisiko 306
na mvua: 331, mtikisiko 342
umekuja: 358, mtikisiko 378
usiku: 403, mtikisiko 414
Mwisho: 432

Tazama "zote" na "zimepita". "Zote" ina mkazo mwanzoni, kwa hiyo kati ya kutokea na kutikisika kuna fremu mbili tu. "Zimepita" inatangulia kwa fremu 20. Ukiyaweka yote kwa kanuni moja, moja litakuwa sawa na jingine litachelewa, na utabaki unajiuliza kwa nini nusu ya video ni nzuri. "Cha" sikuipa nafasi yake. Neno dogo kama hilo likisimama peke yake kwenye kioo linachukua jicho bila kulipa chochote, ndiyo maana linaingia pamoja na "mwisho", kama "na" ilivyoingia pamoja na "mvua".

Maneno ya mstari mmoja yanajikusanya, hayafutani. "Nilikusubiri" inabaki juu, "kituo cha mwisho" inakuja chini yake, na yote yanaondoka mstari wa pili unapoingia. Mtindo wa neno mojamoja linalotokea na kufutika unafaa kwa rap ya kasi, lakini kwenye uimbaji unamnyima mtu sentensi. Akishafika "usiku" amesahau "umekuja". Neno refu nalo sikulikata vipande. Niliwahi kuona "nili" ikitokea, kisha "kusubiri" chini yake, na ilisomeka kama maneno mawili ya mtu asiyejua lugha. Maandishi ya kujiandika yenyewe ndiyo hukata hivyo, na kwenye sauti ya kuimba hukosea zaidi kuliko kwenye sauti ya kuongea. Haya yangu yaliandikwa kwa mkono yote.

Kwa upande wa tempo nina neno moja la tahadhari. Mapigo 100 yalinipa fremu 18 kamili, na hiyo ni bahati. Wimbo wa mapigo 96 una fremu 18.75 kwa kila pigo. Mtu akikadiria 19 na kuongeza 19 juu ya 19 mpaka mwisho, baada ya mapigo 24 atakuwa amepitiliza fremu sita, na mstari wa mwisho utachelewa hata kama wa kwanza ulikuwa sawa. Dawa ni kuzidisha upya kutoka mwanzo kwa kila pigo, kisha ndipo ukadirie: mapigo kumi ni 187.5, weka 187 au 188, na kosa halikusanyiki. Wimbo uliopigwa na bendi bila mashine ya kuhesabu mapigo, kama taarabu ya jukwaani au dansi, hauna namba ya kutegemea kabisa. Huo unakuzwa kwenye wimbi la sauti, na kila silabi inatafutwa kwa macho na masikio.

Masikio nayo yana mtego wake. Kijana wangu alikuwa anahariri na iyafoni za Bluetooth. Sauti ya Bluetooth inachelewa kufika sikioni, na ucheleweshaji huo huweza kufika robo sekunde kwa vifaa vya bei ndogo. App nyingi za kutazama video zinaufidia zenyewe, lakini wakati wa kuhariri huna uhakika huo. Ukisogeza maneno mpaka yaonekane sawa ukiwa nazo, umeyasogeza nyuma, na kwenye spika ya simu ya mtu mwingine yatachelewa. Tulizima Bluetooth, tukatumia spika ya simu yenyewe, kisha tukakuza wimbi la sauti mpaka kishindo cha ngoma kikaonekana kama ukuta unaoinuka ghafla. Mtikisiko wa neno ulipaswa kuanza kwenye fremu ya ukuta huo. Jicho halina Bluetooth.

Jaribio la mwisho tulilofanya ni kuzima sauti kabisa na kuimba moyoni kwa kufuata maneno tu, huku mwenzangu akisikiliza wimbo kwa iyafoni ya waya kutoka simu nyingine tuliyoianzisha kwa pamoja. Nilipofika "usiku" naye alikuwa amefika "usiku". Sehemu moja tu ilinikimbiza, "umekuja usiku", kwa sababu mstari wake una maneno mengi kwa muda mfupi. Niliiacha hivyo hivyo. Kipande kinajirudia, na anayekosa neno mara ya kwanza analikuta mara ya pili.

Picha ilikuwa rahisi. Nimesimama kituoni jioni, kamera haitembei, na kuna mkato mmoja tu, fremu ya 306, "ku" ya "umekuja na mvua", ambapo picha inahama kutoka mbali hadi usoni. Kila mkato unamwita mtazamaji aangalie picha mpya, na akiangalia picha hasomi. Ndiyo maana pale pa mkato neno lilikuwa limeshatokea fremu 20 kabla. Kumbuka pia kuweka kamera ya simu kwenye fremu 30, zilingane na projekti.

Maandishi yalikaa juu kidogo ya katikati ya kioo. Video ya wima ni 1080 kwa 1920, lakini sehemu ya chini inafunikwa na kapsheni na jina la akaunti, na upande wa kulia kuna safu ya vitufe. Mstari wenye "Nilikusubiri" ukiusukuma upana wote, herufi za mwisho zinaingia chini ya moyo wa laiki. Rangi ni nyeupe yenye ukingo mweusi, maana watu wengi wanatazama kwenye daladala juani na mwanga wa kioo umepunguzwa kuokoa chaji. Na kama maneno yako yana ng', kagua alama ile baada ya kuchagua fonti. Baadhi ya fonti za mapambo haziionyeshi, na "ng'ombe" inabaki "ngombe".

Baada ya hapo ndipo kapsheni. Wengi huandika tena mistari ileile iliyo kwenye video, na kwa maoni yangu ni nafasi iliyotupwa, maana mtu ameshaisoma. Kapsheni ina kazi ambayo video haiwezi: kusema wimbo unaitwaje, na kumpa mtu sababu ya kuandika kitu. Hapa ndipo ule mstari wa nne ulipopata kazi. Niliandika:

Umemsubiri, daladala zimeisha, amekuja na mvua usiku. Wewe ungemjibu nini? Nimalizie mstari.
"Umekuja na Mvua" inatoka Ijumaa tarehe 14. Linki ipo kwenye bio.
#UmekujaNaMvua #BongoFleva

Sentensi za kwanza zinaonekana kabla mtu hajabonyeza kusoma zaidi, kwa hiyo swali linakaa humo. Jina la wimbo ni maneno yaleyale anayoyasikia kwenye mstari wa tatu, ili atakayesahau jina na kutafuta kwa maneno aliyoyasikia alikute. Kama wimbo wako unaitwa jina ambalo halisikiki kwenye kipande, kapsheni ibebe vyote viwili. Niliandika siku pamoja na tarehe yake, si "Ijumaa hii" wala "kesho", kwa sababu video hizi zinatembea wiki nyingi baada ya kupostiwa, na "kesho" ya mwezi uliopita haimsaidii mtu. Kwenye hashitegi kila neno linaanza na herufi kubwa ili zisomeke. Zikiwa zaidi ya tatu au nne zinaficha jina la wimbo. Sauti yenyewe niliipa jina, maana ukiiacha inajiita original sound na jina la akaunti, na mtu anayeikuta kwenye video ya mwingine hatajua ni wimbo gani.

Kwenye maoni watu walimaliza mstari kwa namna nyingi. Wapo waliomsamehe, wapo waliomwambia arudi na hiyo mvua, na mama mmoja aliandika kwamba angemuuliza kwanza kama amekula. Sikuandika mstari wangu kumjibu yeyote. Nilijibu kwa tarehe ya wimbo, kila mara kwa maneno tofauti kidogo, na mstari ukabaki ndani ya wimbo.

Kipande cha pili kinatoka kwenye ubeti, si kiitikio, na kinaanza na neno "hatukuambiana". Mkazo uko kwenye "a" iliyo silabi ya sita, silabi tano zikiitangulia, na prodyuza ameshaniambia kwamba hapo gitaa linaingia peke yake bila ngoma. Mtikisiko utafuata nini pasipo na ngoma, hilo ndilo tunalojaribu sasa. Kwa leo tumeuweka kwenye waya wa kwanza unaopigwa, na neno tumelitoa fremu mbili kabla ya "ha".